UNIQUE inasema watu kumi na wawili, daftari linasema sita: tafuta kosa hapa

Tatizo hili huwapata makatibu wengi wa vyama vya akiba. Una orodha ya michango, kila mstari una namba ya simu na kiasi kilicholetwa. Mwenyekiti anauliza wanachama waliochanga ni wangapi. Unaandika fomula moja ya UNIQUE kwenye Excel, jibu linatoka, na kila aliyekuwa kwenye kikao anajua kwamba jibu hilo si kweli. Ukijaribu njia nyingine unapata jibu la tatu.

Mara nyingi fomula haina kosa. UNIQUE inalinganisha kilichomo ndani ya seli, nawe unalinganisha unachokiona kwa macho, na hivyo viwili havifanani kila mara. Tutatumia orodha fupi ya mfano, ya aina ambayo chama cha wafanyabiashara wa Busia, upande wa Uganda, kinaweza kuwa nayo. Nimechagua Busia kwa sababu maalumu itakayojitokeza mbele. Namba za simu ni za kubuni. Safu ya A ina simu, safu ya B ina kiasi, na kila mstari ni shilingi 20,000.

```
Mstari  A (simu inavyoonekana)   LEN
2       0700000001               10
3       700000001                 9
4       2.57E+11                 12
5       0700 000 002             12
6       0700000002               10
7       0700000002               11
8       0700000003               10
9       0700000003               11
10      (tupu)                    0
11      0700000004               10
12      254700000004             12
13      0700000005               10
14      0700000005               10
```

Safu ya LEN nimeiongeza mimi, nawe utahitaji kuiongeza kwako. Ukiwauliza wanaowafahamu wenye simu hizi, watakuambia watu ni sita: wa 001, wa 002, wa 003, wawili wa 004 (mmoja ana laini ya Uganda, mwingine ya Kenya), na wa 005. Mstari wa 10 una shilingi 20,000 lakini aliyeandika alisahau kuuliza simu.

Dalili: jibu ni kubwa kuliko idadi ya watu

Andika hivi kwenye seli yoyote iliyo wazi:

```
=COUNTA(UNIQUE(A2:A14))
```

Jibu ni 12. Mistari ni 13, kwa hiyo UNIQUE imeona marudio mamoja tu, yale ya mstari wa 13 na wa 14. Mengine yote imeyahesabu kuwa vitu tofauti, hata ile seli tupu.

Anza uchunguzi kwa LEN. Andika `=LEN(A2)` pembeni, kisha ivute mpaka chini. LEN huhesabu herufi zote zilizomo kwenye seli, zinazoonekana na zisizoonekana. Tazama mstari wa 6 na wa 7. Kwa macho ni namba ile ile, lakini wa kwanza una herufi 10 na wa pili 11. Aliyeandika mstari wa 7 aligusa kitufe cha nafasi baada ya tarakimu ya mwisho. Kwa UNIQUE, nafasi hiyo inatosha kumfanya mwanachama mmoja awe wawili.

Mstari wa 9 pia una herufi 11, ila hapa TRIM haitakusaidia. Watu huweka TRIM, wanaona hakuna kilichobadilika, wanakata tamaa. Iulize seli yenyewe imebeba nini mwishoni:

```
=UNICODE(RIGHT(A9,1))
```

Ikijibu 32, hiyo ni nafasi ya kawaida na TRIM ingeiondoa. Hapa inajibu 160, yaani nafasi isiyokatika, ambayo huletwa na maandishi yaliyonakiliwa kutoka kurasa za mtandao. TRIM haiigusi. Uliza na upande wa mwanzo kwa LEFT badala ya RIGHT. Namba zilizonakiliwa kutoka kwenye orodha ya majina ya simu wakati mwingine hubeba alama ya mwelekeo wa maandishi, nayo itakujibu 8234 mwanzoni na 8236 mwishoni. Alama hizo hazina hata upana, na unaweza kuikodolea macho seli hiyo mpaka jioni usione kitu.

Mstari wa 3 na wa 4 zina tatizo la aina nyingine. Huko hakuna herufi ya ziada, ila Excel imezichukua kuwa namba za hesabu. Aliyeandika 0700000001 kwenye seli ya kawaida alipobonyeza Enter, sifuri ya mbele ilianguka, maana kwenye hesabu sifuri iliyo mbele haina thamani. Aliyeandika +256700000001 naye alipoteza alama ya kujumlisha, ikabaki namba ya tarakimu 12, na kwa kuwa mtindo wa kawaida wa seli, General, hufupisha namba zenye tarakimu 12 au zaidi, ikajionyesha kama 2.57E+11. Ukipanua safu na kubadili mtindo wa seli kuwa Number usio na desimali utaiona yote. Kwa haraka, angalia upande: namba za hesabu huegemea kulia, maandishi huegemea kushoto, mradi hakuna aliyechezea mpangilio wa seli. Ukitaka uhakika, `=ISNUMBER(A3)` itajibu TRUE.

Hata kama namba mbili zingekuwa na tarakimu zile zile, moja ikiwa maandishi na nyingine ya hesabu, UNIQUE ingeziona mbili.

Dawa: safu mbili za kusafisha

Usisafishe ndani ya safu ya A. Iache kama ilivyoandikwa, maana siku mtu akibisha utahitaji kuonyesha alichokiandika katibu siku ile. Kwenye C2 weka fomula ya kuondoa takataka:

```
=SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(A2,UNICHAR(160),"")," ",""),"+","")
```

Inaondoa nafasi isiyokatika, halafu nafasi zote za kawaida pamoja na zile za katikati kama kwenye mstari wa 5, halafu alama ya kujumlisha. Kama orodha yako ina vistari vya katikati au zile alama za 8234 na 8236, ongeza SUBSTITUTE nyingine kwa kila moja. Faida ya pili ni kwamba SUBSTITUTE hurudisha maandishi siku zote, kwa hiyo namba ya hesabu ya mstari wa 3 inageuka kuwa maandishi bila wewe kufanya lolote.

Kwenye D2 tengeneza umbo moja kwa namba zote, yaani tarakimu 12 zinazoanza na namba ya nchi:

```
=IF(C2="","",IF(LEN(C2)=12,C2,
 IF(OR(LEN(C2)=9,LEN(C2)=10),"256"&RIGHT(C2,9),"KAGUA")))
```

Yenye tarakimu 12 inabaki ilivyo. Yenye 9 au 10 inachukuliwa kuwa ya Uganda, inapewa 256 mbele ya tarakimu zake tisa za mwisho. Nyingine yoyote inaandikwa KAGUA: namba iliyokatika, iliyoanza na 00256, au mbili zilizobanwa kwenye seli moja. Vuta fomula zote mbili mpaka mstari wa 14, kisha andika `=COUNTIF(D2:D14,"KAGUA")`. Jibu lisipokuwa sifuri, usihesabu watu bado. Rudi kwenye mistari hiyo kwanza, kwa sababu UNIQUE ingezihesabu KAGUA zote kama mtu mmoja.

Sasa hesabu:

```
=ROWS(UNIQUE(FILTER(D2:D14,D2:D14<>"")))
```

Jibu ni 6.

Dalili: baada ya kusafisha, jibu ni dogo kuliko idadi ya watu

Kuna njia ya mkato inayopendwa sana, ya kuchukua tarakimu tisa za mwisho na kuacha mambo ya namba ya nchi. Ni nyepesi, na katika mji ulio mbali na mpaka huenda isikuletee shida kamwe. Ijaribu kwenye orodha yetu, kwenye safu yoyote ya pembeni:

```
=RIGHT(C2,9)
```

Ukihesabu matokeo yake, bila seli tupu, utapata watu 5. Mstari wa 11 na wa 12 umekuwa mtu mmoja, kwa sababu 0700000004 ya Uganda na 254700000004 ya Kenya zina mkia ule ule, 700000004. Namba za simu za nchi hizi mbili zina urefu sawa, na namba zinazoanza na 070 zipo pande zote mbili za mpaka. Busia, Malaba au Lwakhakha, ambako mtu anauza upande huu na kulala upande ule, hilo si jambo la kubuni.

Kosa la kuunganisha watu wawili ni baya kuliko la kumgawa mtu mmoja. Ukimgawa mtu mmoja mara mbili, jumla inakuwa kubwa na mtu atashtuka. Ukiunganisha wawili, mmoja anatoweka kimyakimya, na utajua siku ya kugawana.

Hata fomula yetu ya D2 ina mpaka wake hapa. Mkenya akisema namba yake kwa mtindo wa nyumbani, 0700000004 bila 254, fomula itampachika 256. Hakuna fomula inayoweza kujua laini ni ya nchi gani kwa kuangalia tarakimu hizo kumi peke yake. Lazima aliyepokea mchango aulize na kuandika. Ongeza safu ya E yenye UG au KE, kisha kwenye D2 badilisha `"256"` iwe:

```
IF(E2="KE","254","256")
```

Hapo ndipo hesabu inakuwa salama. Kuongeza safu hiyo baadaye, kwa orodha ya miezi iliyopita, ni kazi ya kupiga simu moja moja.

Kuna sababu nyingine ya jibu kuwa dogo isiyohusiana na mpaka: nafasi ya tatu ndani ya UNIQUE. Mtu amenakili fomula mahali, ikaja na TRUE mwishoni:

```
=UNIQUE(FILTER(D2:D14,D2:D14<>""),,TRUE)
```

Hiyo inaleta namba 2 tu, zile mbili za 004. TRUE ya nafasi ya tatu inaiambia UNIQUE ilete zile zilizotokea mara moja pekee katika orodha nzima, na kutupa kabisa kila iliyojirudia. Ni fomula nzuri ukitaka kujua nani alichanga mara moja akapotea. Kwa kuhesabu wanachama haifai. Wanne waliochanga zaidi ya mara moja hawamo humo, na hao ndio wanachama wako bora.

Dalili: jibu limezidi kwa moja, kila mara

Ukipata 7 badala ya 6, umeacha FILTER. UNIQUE huichukulia seli tupu kama kitu kimoja miongoni mwa vingine, na COUNTA inakihesabu. Kwenye safu ya A ungeona 0 imejitokeza kati ya namba za simu. Kwenye safu ya D ungeona nafasi wazi tu, kwa kuwa fomula yetu inarudisha maandishi matupu. Utaliona sana tatizo hili kwa watu wanaochagua eneo refu kama A2:A500 ili wasirudi kurekebisha fomula. Wana haki ya kufanya hivyo, ila FILTER iwepo.

Kwa nini nilitumia ROWS na si COUNTA? Kwa sababu ya siku orodha ikiwa tupu kabisa, mwanzoni mwa mwezi. FILTER isipopata kitu hutoa kosa la `#CALC!`, nayo COUNTA huhesabu kosa kama kitu kimoja na kukujibu 1. Utakuwa na mwanachama mmoja aliyechanga kabla ya kikao kuanza. ROWS inakuonyesha kosa waziwazi.

Dalili: COUNTIF na UNIQUE hazikubaliani

Hii inawachanganya hata wazoefu. Unaandika kwenye safu ya pembeni:

```
=COUNTIF(A$2:A$14,A2)
```

Inajibu 2 kwa mstari wa 2, yaani COUNTIF inasema namba hiyo imejirudia. Lakini UNIQUE ilikuwa imesema mstari wa 2 na wa 3 ni vitu viwili. COUNTIF inapopewa kigezo kinachofanana na namba, hukigeuza kuwa namba ya hesabu kabla ya kutafuta. Maandishi 0700000001 yanakuwa 700000001, na hapo yanalingana na mstari wa 3. UNIQUE haifanyi ubadilishaji huo. Kwenye safu ya D, ambako kila kitu ni maandishi ya tarakimu 12, zote mbili zinakubaliana.

Tabia hiyo ya COUNTIF ina upande mbaya. Excel hushika tarakimu 15 tu za namba ya hesabu. Namba za simu hazifiki huko, lakini kwa namba za kadi za benki zenye tarakimu 16, hata kama umeziandika kama maandishi, COUNTIF itaona mbili zilizotofautiana kwenye tarakimu ya mwisho kuwa moja. Kwa namba ndefu kama hizo tumia:

```
=SUMPRODUCT(--(A$2:A$14=A2))
```

Dalili: fomula haitoi jibu bali kosa

`#SPILL!` maana yake majibu yanataka kumwagika chini lakini kuna kitu njiani. Bofya seli yenye kosa, utaona mstari wa nukta ukizunguka eneo linalohitajika. Futa kilichomo ndani yake. Ukiona hakuna kitu, huenda kuna seli yenye nafasi tupu iliyoandikwa, au umeiweka fomula ndani ya jedwali rasmi la Excel, ambalo haliruhusu majibu kumwagika. Ihamishie nje ya jedwali.

`#NAME?`, au `_xlfn.` imejitokeza mbele ya jina la fomula, inaonyesha Excel yako haiijui UNIQUE. Ipo kwenye Excel 2021 na zilizofuata, Microsoft 365, Google Sheets, na LibreOffice kuanzia 24.8. Excel 2019 na za nyuma yake hazina, na kompyuta nyingi za ofisini bado zinazitumia. Kwa hizo, ukishasafisha kwa safu za C na D, hesabu hivi:

```
=SUMPRODUCT((D2:D14<>"")/COUNTIF(D2:D14,D2:D14&""))
```

Inajibu 6 ile ile. Kila mtu anagawanywa kwa idadi ya mara alizotokea: aliyetokea mara tatu anakuwa theluthi tatu, jumla mtu mmoja. Kwa orodha ya maelfu ya mistari kompyuta itafikiri kwa muda mrefu, maana kila mstari unalinganishwa na mistari mingine yote.

Dalili: umeondoa marudio na pesa zimepungua

Kabla ya kugusa kitufe cha `Remove Duplicates` kwenye `Data`, jumlisha safu ya B na uandike jumla hiyo pembeni. Kwetu ni 260,000. Ukichagua safu zote na kuweka alama kwenye D peke yake, Excel itabakiza mstari wa kwanza wa kila namba na kufuta mingine. Itabaki mistari saba, ile sita pamoja na usio na simu. Jumla sasa ni 140,000. Shilingi 120,000 za wanachama zimefutwa, ingawa kila mmoja wao alizileta mkononi.

Mtu kutokea mara tatu kwenye orodha ya michango si kosa, amechanga mara tatu. Marudio yanafutwa kwenye rejista ya wanachama, ambako kila mtu anatakiwa awe na mstari mmoja. Kwenye michango unachotaka ni kuhesabu na kujumlisha bila kufuta chochote. Weka hii kwenye G2:

```
=UNIQUE(FILTER(D2:D14,D2:D14<>""))
```

na hii kwenye H2:

```
=SUMIF(D2:D14,G2#,B2:B14)
```

Alama ya `#` baada ya G2 inachukua majibu yote yaliyomwagika, hata yakiongezeka. Mwenye 256700000001 atakuwa na 60,000, wa 002 vilevile 60,000, wa 003 na wa 005 wana 40,000 kila mmoja, na wale wawili wa 004 wana 20,000 kila mmoja. Jumla ya safu ya H ni 240,000, na upungufu wa 20,000 ni mstari wa 10. Ukiona tofauti ambayo mistari isiyo na simu haiielezi, kuna namba imekupita.

Ukitaka tu kuyaona marudio, rangi ya `Conditional Formatting` inatosha. Lakini ile ya tayari, `Duplicate Values`, hupaka rangi mstari wa kwanza pia, na kwenye rejista utabaki hujui ufute upi. Chagua D2:D14, nenda `New Rule`, kisha chaguo la kutumia fomula, uweke:

```
=AND($D2<>"",COUNTIF($D$2:$D2,$D2)>1)
```

Eneo la COUNTIF hapa linaanza juu na kuishia kwenye mstari ulipo, kwa hiyo linapaka rangi kuanzia mara ya pili tu.

Dalili: namba ni safi, lakini mtu bado yupo mara mbili

Hapa fomula zimefika mwisho wa uwezo wake. Wengi wetu Uganda tuna laini mbili za mitandao tofauti, na mtu hutoa ile yenye pesa siku hiyo. Kinyume chake pia kipo: mama na binti yake wanatumia simu moja, nawe umewahesabu kuwa mmoja. Jina nalo si kitambulisho kizuri. Mmoja anaandika jina la ukoo kwanza, mwingine la ubatizo, na ukichagua safu ya jina pamoja na ya simu ndani ya UNIQUE moja, inalinganisha mstari mzima: simu ile ile yenye jina lililoandikwa tofauti inakuwa watu wawili.

Kwa rejista ya wanachama tumia NIN, namba ya kitambulisho cha taifa. Ina herufi na tarakimu 14 zilizochanganyika, kwa hiyo haiwezi kugeuzwa kuwa namba ya hesabu wala kupoteza sifuri. Udhaifu wake ni mkono wa anayenakili: herufi O na tarakimu 0, herufi I na tarakimu 1. LEN haitakamata hilo, kwa sababu urefu unabaki 14. Ukiona NIN mbili zinazotofautiana kwa herufi moja tu, omba kadi. Pia izungushie UPPER kabla ya kuhesabu, hasa ukihamia Google Sheets. UNIQUE ya Excel haijali herufi kubwa na ndogo, ya Google Sheets inajali, na faili lile lile litakupa majibu mawili. Wanachama wa upande wa Kenya hawana NIN ya Uganda, kwa hiyo wape namba ya uanachama ya chama chenu, kama wengine wote, na hiyo ndiyo iandikwe kila mara mchango unapopokelewa.